Jinsi ya kuikagua apu ya mauzo kabla ya kuikabidhi biashara yako

Mapitio mengi ya apu huandikwa dakika tano baada ya kuipakua, wakati bado ni tupu. Rangi zinapendeza, inafunguka haraka, mtu anatoa nyota 5 na kuendelea na shughuli zake. Ila apu ya kuandika mauzo haioneshi ubaya wake ikiwa tupu. Ubaya unajitokeza ikishajaa magunia yako, namba za wateja wako na deni la mtu wa Tunduma ambaye hujamwona tangu mwezi uliopita.

Mwongozo huu unahusu aina hiyo ya apu, zile za kuandika mauzo na kufuatilia bei za mazao ambazo wauza viazi wa Uyole na wauza mchele wa Igurusi wanazidi kuzitumia badala ya daftari. Mfano nitakaokwenda nao ni apu moja niliyoikagua kwa ajili ya wafanyabiashara wa viazi hapa Mbeya. Jina lake silitaji, maana waliotengeneza wanaendelea kuirekebisha, na hatua zenyewe zinafaa kwa nyingine yoyote ya namna hiyo.

Andaa simu, laini na daftari

Tumia simu ya aina wanayotumia watu unaowaandikia. Apu inayoteleza kwenye simu ya milioni moja inaweza kuganda kwenye simu ya RAM ya GB 2, na huko sokoni simu nyingi ni hizo za GB 2. Pakua kutoka Play Store. Faili uliyorushiwa na rafiki kwa Xender huwezi kujua ni toleo la lini, wala kama kuna mtu ameichezea njiani.

Sajili akaunti kwa laini ambayo siyo ya biashara yako, na uwe na wateja wa kubuni: Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, basi. Usianze majaribio na majina ya watu wa kweli. Halafu, kabla hujagusa chochote, andika mambo manne kwenye daftari: namba ya toleo la apu, ukubwa wake kwenye simu, ruhusa inazozidai, na toleo la Android. Yote yanapatikana ukibonyeza aikoni ya apu kwa muda na kuingia App info, isipokuwa la Android ambalo liko About phone. Namba ya toleo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mtengenezaji anaweza kutoa toleo jipya kwa asilimia ndogo tu ya watumiaji kwanza, hivyo wewe na jirani yako mnaweza kuwa na apu ya jina moja siku hiyohiyo huku zikifanya mambo tofauti.

Kasoro: zitafute mahali mtandao unapokatika

Watu wengi wakisema apu ni mbovu wanamaanisha inajifunga yenyewe. Hiyo ni kasoro, lakini angalau unaiona. Mbaya zaidi ni ile inayoharibu hesabu kimyakimya huku kila kitu kikionekana sawa. Mama mmoja anayepeleka viazi Dar aliniletea simu yake yenye apu hiyo ya mfano akasema, "Mwanangu, hii kitu inaniandikia magunia ambayo sijauza." Alikuwa sahihi, na sababu ilipatikana kwa jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya.

Andika mauzo ya magunia 12 kwa shilingi 65,000 kila moja. Jumla iwe 780,000. Washa hali ya ndegeni, kisha bonyeza Hifadhi. Apu nzuri itakuambia kwamba mtandao hakuna, imehifadhi kwenye simu na itatuma baadaye. Apu ya mama yule ilionesha kiduara kinachozunguka tu. Mtu akiona kiduara hakikomi anafanya nini? Anabonyeza tena. Zima hali ya ndegeni, subiri kidogo, kisha fungua orodha ya mauzo. Nilikuta mauzo mawili ya magunia 12, na jumla ya siku imekuwa 1,560,000.

Fanya pia jaribio la pili, ambalo ni gumu kidogo kulipatia: bonyeza Hifadhi ukiwa na mtandao, kisha ukate data papo hapo. Hapa taarifa inaweza kuwa imeshafika kwenye seva, ila jibu la "imepokelewa" halijarudi kwenye simu. Apu inaona kama haijatuma, inatuma tena yenyewe, na mauzo yanaandikwa mara mbili bila wewe kubonyeza chochote cha ziada. Chanzo cha yote mawili ni kimoja. Kila muamala ulitakiwa upewe namba yake ya pekee kwenye simu kabla haujatumwa, ili seva ikipokea namba ileile mara ya pili ijue huu nimeshauona. Bila namba hiyo, seva inaona wateja wawili walionunua kiasi sawa. Usipoyafanya majaribio haya kwa makusudi, barabara itakufanyia: ukitoka Mbeya kuelekea Tukuyu au ukipandisha milima ya Makete, mtandao unakuja na kuondoka kila kona.

Jaribio la tatu ni la kutoka kwenye apu katikati ya kazi. Jaza fomu ya mauzo nusu, toka uende kwenye kikokotoo, fungua kamera, rudi. Je, ulichoandika kipo? Simu yenye RAM ndogo huifunga apu iliyo nyuma ili kupata nafasi, na apu isiyohifadhi ulichokuwa unaandika inarudi ikiwa tupu. Kwa kuwa hali hiyo haitokei kila mara, unaweza kuilazimisha: nenda About phone, gonga Build number mara 7 mpaka Developer options ifunguke, kisha humo uwashe Don't keep activities. Kuanzia hapo kila apu unayoiacha inafungwa papo hapo. Ukimaliza uizime, la sivyo simu nzima itakukera.

Usisahau saa. Apu iliyotafsiriwa kwa haraka inaweza kukuandikia kwamba mnada au mvua ni "saa 2 mchana", kumbe mtengenezaji amenakili 2 PM bila kuigeuza, na ilitakiwa iwe saa 8. Linganisha saa za apu na saa ya simu kwenye skrini tatu au nne tofauti.

Kabla ya kuilaumu apu, hakikisha tatizo si la simu. Angalia nafasi iliyobaki, izime na kuiwasha, jaribu kwenye simu nyingine. Machi 2021 apu nyingi sana za Android zilianza kujifunga zenyewe kwa wakati mmoja, ikiwemo Gmail, na kosa halikuwa la apu hizo bali la Android System WebView, sehemu ya mfumo ambayo apu nyingi huitumia kuonesha kurasa za wavuti. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome. Kwa hiyo ukiona apu tatu zisizohusiana zinajifunga siku moja, weka kalamu chini kwanza.

Kama una kompyuta yenye programu ya adb na umewasha USB debugging ndani ya Developer options, amri hii inaonesha rekodi ya apu zilizojifunga:

```
adb logcat -b crash
```

Tafuta mstari wenye FATAL EXCEPTION na jina la apu yako karibu yake. Nakili mistari kama kumi inayofuata, umtumie mtengenezaji. Huhitaji kuielewa, yeye ataielewa. Usiyekuwa na kompyuta, kinachokutosha ni kuandika hatua ulizopita na kasoro imetokea mara ngapi kati ya mara kumi. Kasoro ya mara kumi kwa kumi na ile ya mara moja kwa kumi zinatafutwa kwa njia tofauti kabisa.

Matangazo: angalia yanatokea wapi, siyo tu mangapi

Apu ya bure ina haki ya kuweka matangazo, na sioni busara ya kuipunguzia nyota kwa sababu hiyo peke yake. Swali ni kama tangazo linakuzuia kufanya kazi iliyokuleta. Pima hivi: hesabu miguso ya kidole kutoka kufungua apu hadi mauzo yamehifadhiwa, kisha hesabu mingapi kati ya hiyo ilikuwa ya kufunga matangazo. Kama kuandika gunia moja kunachukua miguso 6 na mitatu ni ya matangazo, iandike hivyohivyo. Msomaji ataelewa kuliko ukisema "matangazo yamezidi".

Ujanja wa kuuangalia kwa karibu ni tangazo linalochelewa kufika. Unafungua fomu, kitufe cha Hifadhi kiko chini ya skrini. Unapeleka kidole, na papo hapo bango la tangazo linapakia, linakisukuma kitufe juu, kidole kinatua kwenye tangazo. Bando linaliwa, ukurasa wa kubeti unafunguka. Ili kujua kama imetokea kwa bahati mbaya au ndivyo apu ilivyopangwa, punguza kasi ya mtandao: kwenye mipangilio ya laini chagua 3G au 2G, kisha rudia kufungua fomu mara kadhaa ukiangalia tu bila kugusa. Kama kitufe kinahama kila tangazo linapoingia, hiyo ni kasoro ya mpangilio, na dawa yake ni rahisi: mtengenezaji aache nafasi ya bango tangu mwanzo.

Sera za Google Play zinakataza tangazo la skrini nzima linalotokea ghafla mtumiaji akiwa ameanza kufanya jambo jingine, na pia tangazo la namna hiyo lisiloweza kufungwa baada ya sekunde 15. Yale unayoyachagua mwenyewe ili upate zawadi fulani hayahesabiwi humo. Chukua saa, upime.

Tangazo linalojitokeza ukiwa nje ya apu, kwa mfano kwenye skrini ya mwanzo, ni kosa la aina nyingine kabisa, na mara nyingi watu wanamlaumu asiyehusika. Tangazo likiwa bado liko usoni, bonyeza kitufe cha apu za hivi karibuni. Kadi itakayojitokeza mara nyingi huwa na aikoni ya apu iliyolileta. Kisha ingia sehemu ya Special app access kwenye mipangilio, ufungue Display over other apps, uone ni apu zipi zimeruhusiwa kuonekana juu ya nyingine. Apu ya kuandika viazi haina shughuli yoyote ya kufanya humo.

Kuhusu maudhui, kuwa na haki. Mtengenezaji hachagui tangazo mojamoja, mtandao wa matangazo ndio unaochagua kulingana na mtu na mahali. Anachoweza ni kuzuia aina nzima, kama kubeti au mikopo. Ukiona kubeti kila siku kwa wiki nzima kwenye apu ya wakulima, hapo una cha kuuliza.

Taarifa zako: mnyime kila kitu kwanza

Anza na ukurasa wa apu kwenye Play Store, sehemu ya Data safety. Soma inasema inakusanya nini na inampa nani. Ila ujue sehemu hiyo inajazwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo ichukue kama maelezo ya muuzaji kuhusu gunia lake kabla hujalifungua.

Kisha fungua apu na ukatae kila ruhusa itakayoomba. Usibishane nayo, kataa tu, uone nini kinaendelea kufanya kazi. Apu ninayoizungumzia iliomba majina yote ya simu, mahali ulipo na kamera. Nilipokataa kamera, kilichopotea ni kupiga picha ya risiti tu, jambo la haki kabisa. Nilipokataa majina ya simu, ilikataa hata kufunguka. Hapo ndipo palipo na tatizo.

Maelezo yao yalikuwa kwamba wanahitaji majina ili uchague mnunuzi. Kwenye Android hilo halihitaji ruhusa ya kitabu kizima. Mfumo una dirisha lake la kuchagulia namba: unachagua mtu mmoja, apu inapewa huyo mmoja. Kwa hiyo apu inayodai orodha nzima imechagua kufanya hivyo, haikulazimika. Na waliohifadhiwa humo, mashemeji, wadeni, mwalimu wa mtoto, hawakuulizwa na mtu.

Kwa mahali ulipo, kuanzia Android 12 unaweza kutoa eneo la kukadiria badala ya eneo kamili. Bei ya viazi Mbeya na Njombe inatofautishwa na mji, si na mlango wa nyumba yako. Mpe la kukadiria, uone kama bei zinaendelea kuja. Ikikataa, iandike.

Baada ya siku moja fungua Privacy dashboard kwenye mipangilio ya faragha. Inaonesha apu gani ilitumia ruhusa gani ndani ya saa 24 zilizopita. Angalia pia, ndani ya App info, data iliyotumika apu ikiwa nyuma. Njia nzuri ni kusoma namba hiyo jioni, kulala, na kuisoma tena asubuhi kabla hujafungua chochote. Kusawazisha mauzo machache ni kazi ya KB kadhaa. Ukikuta makumi ya MB, kuna kitu kingine kinachosafiri, labda matangazo yanayopakuliwa mapema, labda kingine. Kiasi utakiona ila yaliyomo hutayaona, kwa hiyo andika kiasi.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, tovuti ya Exodus Privacy inakagua faili za apu za Android na kuorodhesha vifuatiliaji vilivyomo, yaani vipande vya msimbo vya kufuatilia mtumiaji. Unatafuta kwa jina la kifurushi, lile linaloonekana kwenye anwani ya Play Store baada ya `id=`. Ikikuambia kuna vifuatiliaji vitano, maana yake msimbo wake umo. Haithibitishi kwamba vyote vinatuma taarifa.

Jaribio ambalo wakaguzi wengi hawalifanyi ni la kuondoka. Google inazitaka apu zinazomruhusu mtu kufungua akaunti zimpe pia njia ya kuifuta, ndani ya apu na kwa kiungo cha wavuti. Ifute akaunti yako ya majaribio, ondoa apu, ipakue tena, ingia kwa namba ileile. Kama Mteja wa Kwanza na magunia yake wanakusubiri, hakuna kilichofutwa. Soma sera yao kwanza, maana wengine hutaja muda wa kusubiri kabla ya kufuta. Muda huo ukipita, rudia.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ndiyo inayosajili wanaokusanya taarifa za watu na kupokea malalamiko. Unapoikagua apu ya kampuni ya hapa, tafuta kwenye sera ya faragha jina halisi la kampuni na anwani yake. Sera iliyonakiliwa kutoka kwingine mara nyingi hujifichua yenyewe, inataja sheria za Ulaya na California na haitaji Tanzania hata mara moja.

Toleo jipya: lizuie lisiingie lenyewe

Huwezi kupima sasisho ambalo liliingia usiku umelala. Kwenye ukurasa wa apu ndani ya Play Store, gusa vidoti vitatu vya juu na uondoe tiki ya Enable auto update. Likitoka toleo jipya, rudi kwenye daftari kwanza. Piga picha ya skrini ya jumla ya mauzo, orodha ya ruhusa na ukubwa. Ndipo usasishe, ufungue, ulinganishe.

Apu yetu ilipotoka 3.4.1 kwenda 3.5.0, maelezo yake yalikuwa yale yale ya kila siku: "marekebisho ya kasoro". Daftari lilisema zaidi. Ukubwa ulipanda kutoka MB 18 hadi 41, ruhusa ya kipaza sauti ikaongezeka bila sehemu yoyote mpya ya kurekodi sauti, na mauzo yaliyokuwa yameandikwa bila mtandao, ambayo hayajatumwa bado, yakatoweka. Hilo la mwisho ndilo la kulipigia kelele. Kwa hiyo katika kila jaribio la sasisho, acha makusudi mauzo mawili au matatu ambayo hayajatumwa. Wengi wanasasisha wakiwa kwenye Wi-Fi na kila kitu kimeshatumwa, hawaioni kasoro hii kamwe.

Mwenye kompyuta anaweza kuthibitisha alichonacho kwa amri hii, akiweka jina la kifurushi chake:

```
adb shell "dumpsys package com.mfano.mauzo | grep -E 'versionName|targetSdk|lastUpdateTime'"
```

Wingi wa masasisho siyo ubora. Apu inayotoka na toleo kila wiki inaweza kuwa inakimbiza makosa yake yenyewe. Kinachokupa picha ni kama kasoro uliyoiripoti toleo lililopita imeondoka katika hili.

Kuandika mapitio yenyewe

Tenganisha ulichoona na walichosema. "Sera inasema hawauzi taarifa" ni sentensi moja, "ilikataa kufunguka nilipoinyima majina ya simu" ni nyingine, na ya pili ndiyo yenye uzito. Mfano wa maoni yanayomsaidia mtengenezaji na mnunuzi wa kesho:

"Toleo 3.5.0, Android 12, RAM GB 2. Ukibonyeza Hifadhi bila mtandao, kiduara hakikomi. Ukibonyeza tena, mauzo yanaandikwa mara mbili mtandao ukirudi, na inatokea kila mara. Haifunguki bila ruhusa ya majina yote ya simu. Bango la tangazo linasukuma kitufe cha Hifadhi. Bei za sokoni zinakuja sawa hata kwa eneo la kukadiria. Nyota 2."

Weka na jema lililoonekana, kama la bei pale juu, kwa sababu kuna atakayeitumia apu kwa bei tu na hilo linamhusu. Ukiona kasoro ya usalama, kwa mfano namba ya mtu mwingine inaonekana kwenye akaunti yako, usianze na maoni ya hadharani. Mtumie mtengenezaji barua pepe iliyoko kwenye ukurasa wa Play Store, mpe muda, kwa sababu ukiitangaza kabla haijazibwa wanaoumia ni wenye namba.

Mtengenezaji akijibu kwamba amerekebisha, usiyaanze majaribio yote upya. Rudia lile la hali ya ndegeni, la ruhusa na la mauzo yasiyotumwa, kisha ingia uhariri maoni yako ya zamani ukitaja namba ya toleo jipya.